Bileti ya alumini inakwama presini: uongeze moto, au uifupishe?

"Mimi ni opereta wa presi ya alumini ya tani 1,000 hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Bileti zetu, yale magogo ya alumini tunayoyasukuma kwenye kalibu, ni aloi ya 6063, inchi 5, tunazikata milimita 650. Tangu tulete kalibu mpya ya dirisha la kuteleza, profaili nyembamba ya gramu 420 kwa mita, presi inakwama: geji inafika 210 baa na pistoni haisogei. Bileti zilikuwa 450 °C. Supavaiza akasema nipandishe hadi 510, na kweli sasa inapita. Lakini mita za kwanza zinatoka safi, kisha kingo zinaanza kupasuka kama magamba ya samaki, na usoni kuna vinundu vidogo vyenye mkia. Bunduki ya kupimia joto inasoma 200 tu pale profaili inapotoka, kwa hiyo sidhani tumezidisha moto. Kontena, ile silinda inayoshika bileti, iko 370 kwa sababu hita mbili ziliungua. Fundi wa kalibu anasema bileti ni za skrapu, supavaiza anasema kalibu haijang'arishwa vizuri, na jamaa wa zamu ya usiku anapaka bileti grisi. Nani mkweli, na nifanye nini?"

Ndugu yangu, tuanze na hiyo bunduki ya joto, maana ndiyo inayowapoteza nyote. Alumini inayotoka kalibuni inang'aa, na uso unaong'aa hutoa mionzi michache sana ya joto. Bunduki nyingi za dukani zimeundwa zikidhani kwamba kitu kinachopimwa hutoa asilimia 95 ya mionzi ambayo kingetoa kama kingekuwa cheusi kabisa. Hiyo inafaa kwa ukuta uliopakwa rangi, kwa tairi au kwa sufuria yenye masizi. Alumini safi hutoa sehemu ndogo tu ya hiyo, na nyingine inayoingia kwenye lenzi ni mwanga wa joto wa karakana uliogonga profaili ukarudi. Ndiyo maana inakusomea 200. Fikiria mwenyewe: bileti imeingia ikiwa 510, imepita kwenye kalibu kwa muda mfupi mno, ingewezaje kupoteza digrii 310 njiani? Kwa kweli haijapoteza hata moja. Imeongeza.

Tafuta kipimajoto cha kugusa, kile chenye ncha mbili kali kinachotumika kwenye tanuri za alumini. Kikigusa profaili kitaacha alama, kwa hiyo gusa karibu na mdomo wa presi na ukubali kwamba hiyo mita moja ni ya kukata. Nakisia kitakuonyesha 570 au karibu na hapo. Usitegemee macho pia: chuma kikipata joto la hatari huwa chekundu, lakini alumini haikupi onyo la rangi. Iko vilevile ikiwa 450 na ikiwa 570.

Sasa hizo digrii za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye pistoni. Nguvu yote ambayo presi inaitumia kulazimisha bileti ipite kwenye tundu dogo haipotei. Karibu yote inageuka kuwa joto ndani ya alumini yenyewe. Kuna kanuni rahisi ninayoitumia: kila megapaskali 100 za shinikizo zinazotumika kuumba alumini huipandisha joto kwa takriban digrii 36, kama hakuna joto linalopotea. Kwa profaili yako nakadiria megapaskali 300 zinakwenda kwenye kuumba pekee wakati bileti ni 450. Hizo ni kama digrii 107. Kalibu na kontena hunyonya sehemu yake, na kinachobaki, kwa mwendo wa kawaida, ni digrii 70 hadi 80. Bileti ya 450 basi inatoka ikiwa karibu 525. Bileti ya 510 ni laini zaidi, kwa hiyo inahitaji nguvu kidogo na inazalisha joto kidogo, tuseme digrii 60, lakini ilishaanza juu: 510 na 60 ni 570.

Hapo ndipo penye tatizo lako. Kwa 6063 profaili inatakiwa itoke ikiwa kati ya 510 na 550 hivi. Chini ya 500, magnesiamu na silikoni haziyeyuki vya kutosha ndani ya alumini. Utapoza kwa feni, utaipika kwenye tanuri ya kukomaza kwa 175 au 185 °C kwa saa zake, na bado itatoka laini, ikunjwe na mkono wa mtoto. Juu ya 555 hali ni mbaya kwa njia nyingine. Alumini yenyewe bado haijafikia kuyeyuka, lakini ndani ya bileti ambayo haikutayarishwa vizuri kuna vijisehemu ambapo silikoni na chembe za magnesiamu zimekaa pamoja, na mchanganyiko huo huyeyuka karibu na 555. Sasa kumbuka kwamba ngozi ya profaili inayosugua mdomo wa kalibu ni moto kuliko kiini chake. Kipimajoto kikisema 560 baada ya kutoka, ngozi ilikuwa zaidi ya hapo ilipokuwa ndani. Ngozi iliyoanza kulegea inavutwa na msuguano wa kalibu huku kiini kikikimbia mbele. Inachanika kwa mkingamo, inashika tena, inachanika tena. Hayo ndiyo magamba yako.

Na ushahidi umeuandika mwenyewe bila kujua: mita za kwanza ni safi, kisha mipasuko inaanza. Kalibu mbovu ingeharibu profaili tangu sentimita ya kwanza. Joto hukusanyika. Kadiri pistoni inavyosonga, alumini iliyo nyuma ya kalibu inapata moto kutoka kwa ile inayoumbwa mbele yake, na kalibu yenyewe inazidi kupata moto, hivyo mita ya 40 inatoka ikiwa moto kuliko mita ya 5 hata kama hujagusa mwendo. Mipasuko huanzia kwenye kingo na pembe nyembamba kwa sababu hapo ndipo msuguano ni mkubwa na alumini ya kulipokea joto ni chache.

Kwa hiyo supavaiza wako alitibu kukwama kwa kuhamisha ugonjwa. Nisimlaumu sana, ndivyo karakana nyingi zinavyofanya, kwa kuwa moto ndio kitasa kilicho karibu. Lakini swali la kuuliza kabla ya kukigusa ni hili: hizo baa 210 zilikuwa zinatumika wapi?

Nguvu ya pistoni inagawanyika sehemu mbili, na ukizitenganisha kichwani mwako nusu ya matatizo ya presi yanajieleza yenyewe. Sehemu ya kwanza ni ya kuumba, yaani kuibana bileti mpaka ipite kwenye tundu la kalibu. Hiyo inategemea ulaini wa alumini, na ni mara ngapi unaipunguza unene. Kontena ya bileti ya inchi 5 huwa na tundu la milimita 132 hivi, eneo lake ni milimita za mraba 13,685. Profaili ya gramu 420 kwa mita ina eneo la milimita za mraba 156. Gawanya: unaibana alumini karibu mara 88. Hiyo ni kazi nzito. Presi za madirisha mara nyingi hupenda kukaa kati ya 30 na 50. Ndiyo maana kalibu zenu za zamani zilipita bila kelele na hii mpya inagoma.

Sehemu ya pili ni ya msuguano. Katika presi yako bileti nzima inateleza ndani ya kontena, au niseme haitelezi: ngozi yake inaganda ukutani na alumini iliyo ndani inajikwangua kutoka kwa ngozi hiyo. Nguvu inayohitajika kwa hilo inalingana moja kwa moja na urefu wa bileti. Ukishasukuma nusu, msuguano umebaki nusu. Ndiyo sababu geji hupanda hadi kileleni mwanzoni kisha ikashuka taratibu mpaka mwisho.

Tufanye hesabu ya bileti yako, ukijua kwamba hesabu ya karatasi inaweza kukosea asilimia 10 huku au huku. Presi ya tani 1,000 juu ya tundu la milimita 132 inatoa megapaskali 717 na si zaidi. Hizo ndizo geji inazokuonyesha kama baa 210 za mafuta ya haidroliki. Bileti ya 650 ikishabanwa ikajaa kontena inabaki na urefu wa karibu milimita 600. Kuumba kunakula megapaskali 300. Msuguano, kontena ikiwa na joto linalofaa, ungekula 364. Jumla 664, presi inasukuma, ingawa kwa kujikaza. Lakini kontena yako iko 370 na bileti ni 450. Ngozi ya bileti inapoa mara tu inapogusa ukuta, inakuwa ngumu, na msuguano unapanda hadi karibu 436. Jumla 736. Presi ina 717. Imekwama, na haikukwama kwa sababu bileti ilikuwa baridi. Ni kontena iliyokuwa baridi, na bileti ilikuwa ndefu.

Sasa tazama kinachotokea ukikata bileti milimita 520 badala ya 650, bila kugusa kitu kingine. Ikishabanwa ina milimita 480. Msuguano unashuka hadi 349 hata na hiyo kontena yenye hita mbovu. Jumla 649, na geji inapaswa kugonga karibu 190 kisha kuanza kushuka. Rudisha hita mbili zile, kontena ikae 410 hadi 430, na kilele kinashuka tena hadi karibu 590, yaani geji ya 170 na kitu. Bileti bado iko 450. Hujaongeza hata digrii moja, na profaili inatoka ikiwa 525.

Najua watakachosema ofisini: bileti fupi zinaongeza taka. Ni kweli, na ni haki yao kuuliza. Kitako, yaani kipande cha mwisho wa bileti unachokitupa, ni kilekile cha milimita 25, uwe na bileti ndefu au fupi. Kwa bileti ya sasa ni asilimia 4.2 ya alumini. Kwa ile fupi ni 5.2. Umepoteza asilimia moja. Lakini linganisha na mwendo. Kwa bileti ya 510 huwezi kupata uso safi mpaka upunguze kasi sana. Tuseme unatambaa mita 10 kwa dakika. Bileti ndefu inakupa mita 50 za profaili, ni dakika 5, ongeza nusu dakika ya kukata kitako na kupakia nyingine. Kwa bileti ya 450 una digrii kadhaa za kuchezea kabla ya kugusa 550, kwa hiyo mita 20 kwa dakika si tamaa. Bileti fupi inatoa mita 40 kwa dakika 2, ongeza nusu dakika ileile. Ukigawanya, wa kwanza anapata mita 9 kwa dakika na wa pili 16. Na hapo sijahesabu mita zenye magamba mnazozirudisha kwenye skrapu. Karatasi hii ndogo mpelekee supavaiza, kwa heshima. Hesabu haimwaibishi mtu.

Hili la bileti iliyopoa kwenda kwa kasi kuliko iliyo moto huwashangaza wengi, kwa sababu mkono unahisi kwamba kitu laini ndicho kinachokwenda mbio. Kukwama kunaamuliwa na nguvu ya presi, kasi inaamuliwa na joto la kutokea. Bileti bora ni ile iliyo baridi kadiri presi yako inavyoweza kuivumilia, ilimradi profaili itoke juu ya 510. Kila digrii unayoitia tanurini bila sababu ni digrii uliyoiondoa kwenye kasi.

Grisi ya zamu ya usiku iachwe leo. Naelewa mantiki yake: kama msuguano ndio adui, mpake mafuta. Lakini katika usukumaji wa alumini wa namna hii tunataka ngozi ya bileti ibaki ukutani. Ngozi hiyo ina oksidi, vumbi la tanuri na uchafu wa sakafuni. Ukiipaka grisi inateleza pamoja na bileti na kuishia ndani ya profaili. Grisi yenyewe inaungua, inakuwa gesi, gesi inanaswa, na baadaye utaona malengelenge yanafura usoni, mengine yakijitokeza tu profaili inapopikwa kwenye tanuri ya kukomaza au ya rangi, mkiwa mmeshamaliza gharama yote. Kinachoruhusiwa ni utando mwembamba wa dawa ya kuachanisha kwenye kile kisahani cha mbele ya pistoni, ili kitako kisigande hapo. Ukuta wa kontena na pande za bileti zikae kavu.

Tuje kwenye vinundu vyenye mkia, maana hapo fundi wa kalibu na supavaiza kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Pitisha kucha kutoka mwanzo wa profaili kuelekea mwisho wake, kisha urudishe. Kinundu cha aina hii kinakwaruza upande mmoja kuliko mwingine, na mbele yake kuna mchirizi mfupi. Hicho ni kipande cha alumini kilichonata kwenye mdomo wa kalibu, kikakua, kikashika uso wa profaili, kisha kikang'oka na kuondoka nao. Mdomo wenye mikwaruzo unakipa pa kushika, kwa hiyo kung'arisha kunasaidia. Ila ukiwa na joto la 570 kutasaidia kwa bileti chache tu halafu vitarudi, kwa kuwa alumini iliyolegea inanata hata kwenye chuma kinachong'aa kama kioo. Kabla hujaitoa kalibu mara nyingine, shusha joto kwanza. Kuitoa, kuitia kwenye soda kali, kuing'arisha na kuipasha moto upya ni kazi ya saa nyingi, na kila mng'aro unakula kidogo ule ugumu wa juu juu ambao kalibu ilipewa kiwandani.

Usichanganye vinundu na mistari ya kalibu. Mstari wa kalibu unakwenda urefu wote wa profaili, uko mahali palepale kwenye bileti ya kwanza na ya kumi, na haujali joto. Huo ndio wa kumpelekea fundi wa kalibu, ukiwa umeweka alama ya wino kwenye profaili kuonyesha uko upande gani. Kama madirisha yenu yanakwenda kwenye rangi ya unga, mstari mwembamba utafunikwa. Kinundu hakifunikwi, kinatokeza kupitia rangi na mteja anakihisi kwa kidole. Kama yanakwenda kwenye anodaizi, hakuna kinachofunikwa.

Bileti za skrapu? Inawezekana, ila si shtaka la kwanza. Mpaka wa chuma, yaani feri, kwenye 6063 ni asilimia 0.35, na wasukumaji wanaotaka uso mzuri huomba bileti iliyo chini ya hapo sana. Skrapu iliyoyeyushwa pamoja na boliti, skrubu na bawaba za dirisha kuukuu huvuka mpaka huo haraka. Feri inatengeneza chembe ngumu zenye umbo la sindano, na bileti inayofaa huwa imepikwa kabla haijauzwa, 560 hadi 580 °C kwa saa kadhaa kisha kupozwa upesi, ili sindano hizo ziwe mviringo na magnesiamu isambae. Bileti iliyorukishwa hatua hiyo hupasuka mapema na hutoa vinundu hata kwenye joto sahihi.

Kwa hiyo kuna jaribio rahisi. Baada ya kurekebisha joto na urefu, kama bado unaona vinundu tangu mita ya kwanza, chukua bileti tano za mzigo mwingine, zenye namba nyingine ya kuyeyushia, uzipitishe kwenye kalibu ileile, joto lilelile, mwendo uleule. Vikitoweka, fundi wa kalibu ana haki yake. Visipotoweka, kalibu ndiyo. Mkibadilisha vitu viwili kwa pamoja mtagombana hadi Krismasi.

Jambo moja zaidi kuhusu bileti, kwa sababu tuko Nairobi na stima inajulikana. Umeme ukipotea katikati ya zamu, bileti zilizo tanurini hupoa polepole na kukaa muda mrefu kati ya 300 na 400. Katika joto hilo magnesiamu na silikoni hukusanyika na kuwa mabonge makubwa. Stima ikirudi mnapasha haraka hadi 450 na kuendelea, lakini mabonge hayajayeyuka. Profaili zake hupasuka kwa urahisi, na baada ya kukomazwa hubaki laini kuliko zingine. Weka alama kwa chaki kwenye bileti zilizopatwa na giza, zitumie kwenye profaili nene isiyo na masharti, na pima ugumu wake baada ya tanuri kabla hazijachanganyika na nyingine.

Kesho ukiingia zamu, usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Anza na urefu: kata bileti kumi za 520. Shusha tanuri hadi 460, uache bileti zikae mpaka kiini kilingane na ngozi, na upime kwa kugusa bileti yenyewe, si kusoma sanduku la tanuri, maana moto wa dizeli unapiga upande mmoja. Kalibu iwe imepashwa hadi karibu 450, ila isilazwe tanurini usiku kucha. Anza kwa mita 15 kwa dakika. Andika kilele cha geji, na geji inaposoma mwishoni mwa bileti. Ikipanda 190 na kushuka hadi karibu 90 au 100, msuguano ndio uliokuwa mzigo na uko njiani. Kama inabaki juu tangu mwanzo hadi mwisho, basi msuguano wa kontena si tatizo. Kazi inaliwa kwenye kalibu, mdomo wake ni mrefu mno au ulikuwa baridi, na hapo fundi wa kalibu aitwe. Kisha pandisha mwendo kidogo kwa kila bileti huku ukigusa joto la kutokea, mpaka 540. Hapo simama. Bileti ya tatu au ya nne ndiyo ya kuamini, kwa sababu ya kwanza bado inapasha kalibu.

Kuna mambo ambayo siwezi kukutatulia kutoka mbali. Kama geji inafika 210 hata kwa bileti ya 520 na kontena ya 420, mwite fundi wa haidroliki apime shinikizo halisi kwenye silinda, kwa kuwa pampu iliyochoka au sili inayovuja ndani hufanya geji iseme 210 huku pistoni ikipata pungufu. Kama bati la alumini linatoka kwa nyuma kati ya pistoni na kontena, au kitako kinatoka kimelala upande mmoja, presi haijanyooka na inahitaji kupangwa upya na mtu mwenye vifaa; kuendelea kusukuma hivyo kunaharibu ukuta wa kontena. Kwa ubora wa bileti, kata kisahani cha sentimita mbili kutoka kila mzigo, uulize maabara ya shirika la viwango, KEBS, pale South C kama wanaweza kukupimia feri, magnesiamu na silikoni, kisha ulinganishe na cheti cha muuzaji.

Na presi ikikwama tena, usiirudie kuisukuma mara tatu nne ukitumaini itaachia. Kalibu nyembamba ikipasuka chini ya tani 1,000 vipande vinaweza kutoka kwa upande wa meza ya kutokea, ambako ndiko wavutaji husimama. Achia shinikizo, ondoa watu mbele ya mdomo wa presi, rudisha pistoni, itoe bileti, uikate fupi.